Mchana wa Kasimiri

Katika hospitali ya misheni karibu na Njombe, Kasimiri ndiye pekee aliyekuwa na cheti cha kutoa dawa. Bila mwenye cheti, dirisha la dawa lilipaswa kufungwa, naye hakuwa na moyo wa kuwafungia watu waliotembea tangu alfajiri. Basi miaka yote alimeza viazi baridi amesimama mlangoni, roho juu.

Yoeli alipohamishwa kutoka Makambako na cheti chake, Kasimiri alimkabidhi ufunguo wa kabati la sumu, akageuka mara mbili kumtazama, akaenda nyumbani.

Mkewe, Oktavia, alipomwona anaingia jua la utosini, mwiko ulimponyoka.

“Baba Lucia! Wamekufukuza kazi?”

“Nimekuja kula,” alisema, akivua viatu. “Na dirisha liko wazi.”