Sikuzaa, Nilipasuliwa

Tangu asubuhi ile aliporudi kutoka hospitali, Shemsa hakupata kuliona tumbo lake mwenyewe. Lilikuwa tumbo lake, ndilo lililouma, ndilo lililopasuliwa na daktari wa Kichina kidole tumbo kilipopasukia ndani, lakini lilikuwa limeshakuwa mali ya Shangazi Mwanamkasi.

Shangazi huyu ni wa mumewe, Masoud. Ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na nusu ya watoto wa mtaa wa Malindi wamepita mikononi mwake, kwani alikuwa mkunga tangu enzi za Sultani. Alipomwona Shemsa anapandishwa ngazi, akijishika tumbo, uso umemsawijika, hakuuliza kapasuliwa nini. Aliagiza maji yapashwe moto, akatoa sandukuni mkaja wake wa zamani, ile nguo ndefu afungwayo mwanamke tumboni akishajifungua, na akatangaza kuwa mgonjwa hatashuka ngazi mpaka arobaini itimie.

"Shangazi, mimi sikuzaa," Shemsa alisema. "Nilipasuliwa."

"Tumbo ni tumbo, mwanangu," Shangazi alijibu huku akimfunga. "Likishafunguliwa lazima lifungwe."

Basi likafungwa. Likafungwa mpaka Shemsa akawa anavuta pumzi kwa juu juu. Chini ya mkaja, juu ya mshono, Shangazi alibandika manjano yaliyopondwa na mafuta ya nazi, na kila siku alimkanda kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto yenye majani. Mkandaji mwenyewe aligeuza uso ukutani, kwa sababu aliona si adabu kumtazama mke wa mwanawe tumbo wazi. Watoto wote aliowapokea aliwapokea kwa kupapasa, na alijisifia hilo.

Maagizo ya hospitali yalikuwa mengine kabisa. Nesi Khamisa, aliyekuwa akimtafsiria daktari, alikaa ukingoni mwa kitanda siku ya kuruhusiwa akamweleza Shemsa moja moja. Mshono uwe mkavu, ufunikwe kwa kitambaa safi cha hospitali, asiuguse mtu asiyenawa kwa sabuni. Vidonge vya maumivu avimeze kwa saa zake baada ya kula, asisubiri mpaka maumivu yapande, bali ayawahi ili aweze kutembea. Atembee kila siku, kidogo kidogo, ukumbini tu, damu isije ikaganda miguuni na kifua kisije kikajaa makohozi. Akitaka kukohoa akumbatie mto tumboni. Akitaka kuinuka alale ubavu kwanza, ateremshe miguu, ajisukume kwa mkono. Asiinue ndoo. Jumatatu arudi akatolewe nyuzi. Na kidonda kikiwa chekundu, kikivimba, kikitoka usaha au harufu, au akipata homa, au maumivu yakirudi kuzidi badala ya kupungua, asingoje Jumatatu.

Yote hayo Shemsa alimweleza Shangazi. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akasema yeye ndiye aliyempokea nesi yule alipozaliwa, alitanguliza miguu, na tangu siku ile hajaacha ubishi.

Vidonge vilikwenda kwenye pindo la kanga ya Shangazi. Alitoa kimoja kabla ya kulala, basi. Maumivu ndiyo yanayofunga kidonda, alisema, ukiyanyamazisha mwili unasahau kazi yake. Kwa hiyo mchana kutwa Shemsa alilala chali, hathubutu kukohoa, hathubutu kucheka, na kutembea hakuwezi, na kwa kuwa hakuweza kutembea Shangazi alipata ushahidi kwamba hafai kutembea. Hapo ndipo hasira ilipoanza kumpanda. Hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, ikakaa kifuani juu ya mkaja.

Alimwambia mumewe. Masoud alikuwa karani wa forodhani, mwanamume mwenye sauti nzuri na uti wa mgongo laini kama mkate wa kumimina. Alimsikiliza, akamshika mkono, akasema, "Shangazi anajua, Shemsa. Vumilia." Mtu aliyepasuliwa tumbo anaambiwa avumilie na mtu aliyewahi kulala siku nzima kwa jino. Shemsa alimtazama, akauchomoa mkono wake.

Wageni nao hawakukatika. Walikuja wake wa jirani, wakakaa kitandani kwenyewe, kila aliyekaa akimtikisa mshono. Walikula haluwa, wakamsifu Shangazi kwa ulezi wake, na zaidi wakakisifu chumba kwa kunukia. Shangazi alikuwa na chetezo hakizimiki, asubuhi na jioni anafukiza udi, chini ya kitanda, chini ya nguo, hadi mapazia. "Utadhani chumba cha biharusi," walisema. Shemsa alitabasamu kwa meno tu.

Mwanzoni, hilo lazima lisemwe, maumivu yalikuwa yakipungua. Kisha yakageuka. Yakaanza kupiga, mapigo ya ngoma, upande mmoja wa mshono. Jumapili alitetemeka kwa baridi kwenye jua la saa saba, Shangazi akasema ni maziwa yanatafuta njia. Shemsa, ambaye mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka sita na yuko kwa bibi yake Makunduchi, alivuta shuka mpaka kidevuni. Jumatatu ikaja. Alipotaja hospitali, Shangazi alisema nyuzi hazina haraka, hazitakimbia.

Kilichomwokoa Shemsa ni uhaba wa vitu. Mwaka ule madukani kulikuwa na foleni ya kila kitu, na Jumanne asubuhi udi ulikwisha. Shangazi alizunguka Darajani yote hakupata hata kibanzi, akarudi akinung'unika, akaenda jikoni kuchemsha majani yake. Chetezo kikapoa. Dirisha lilikuwa wazi, upepo ukasafisha moshi wa siku zote zile. Na Shemsa, kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani, akajinusa.

Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa. Alidhani ni mtaro chini ya dirisha. Akainua shuka, na harufu ikampanda usoni, akajua inatoka kwake.

Akalala ubavu kama alivyofundishwa. Akateremsha miguu, akajisukuma kwa mkono. Kisha akaufungua mkaja, mzunguko baada ya mzunguko, na ule wa mwisho ulikuwa umegandana na ngozi. Akachukua kioo cha Masoud cha kunyolea ndevu akakishika chini ya kitovu. Manjano yalikuwa yamepakaa kila mahali, lakini manjano hayakuweza kuuficha wekundu uliokuwa umesambaa pembeni, wala uvimbe uliong'aa, wala usaha uliochungulia katikati ya nyuzi mbili. Aliweka kiganja karibu, akasikia joto kabla hajagusa.

Hakulia. Alikasirika mpaka mikono ikatulia. Alimkasirikia Shangazi, akamkasirikia Masoud, akajikasirikia mwenyewe zaidi, kwa adabu yake ile ya kulala kimya huku akiozeshwa kwa heshima. Alifunika mshono kwa kitambaa cha hospitali kilichobaki kwenye pakiti yake, akavaa buibui, akaukumbatia mto, akatoka ukumbini.

Shangazi alimkuta kwenye ngazi. Alikuwa na sufuria ya maji ya moto mikononi, mvuke unamfunika uso. Akauliza anakwenda wapi. Shemsa akamwambia. Shangazi akasema angoje Masoud arudi kutoka kazini, mke wa mtu hashuki ngazi peke yake katika hali ile, watu watasema nini, na ngazi zile zitamfungua tumbo, atakufa hapo hapo.

"Ntakufa humu ndani, Shangazi, nnanukia udi," Shemsa alisema. "Nusa. Leo hakuna moshi. Nusa."

Shangazi akanusa. Mkunga wa miaka arobaini anaijua harufu ile, hata akiwa amegeuza uso. Sufuria ilimwinamia, maji yakamwagika kwenye kanga yake, lakini hakusogea njiani. Ikabidi Shemsa apite ubavuni mwake.

Ngazi za nyumba zile za mawe ni ndefu na zimesimama wima, na kila moja ina urefu wake. Alishika kamba ya ukutani kwa mkono mmoja, mto kwa mwingine, akashuka mguu mmoja kwanza kisha mwingine, akipumzika kila alipoona giza. Barazani alimkuta Hasan, fundi cherehani wa pale chini, naye kuuona uso wa Shemsa kulimtosha. Aliacha koti la watu kwenye mashine akaenda kutafuta teksi.

Hospitali walimkata nyuzi mbili, wakaukamua usaha, wakaosha kwa maji ya chumvi, wakajaza kitambaa ndani. Alipiga kelele safari hii, wala hakuona haya. Khamisa alimweleza kwamba usaha ulikuwa wa juu, mshono wa ndani bado umeshika, na kama angengoja zaidi ungeweza kuingia kwenye damu. Wakamlaza, wakamchoma penisilini. Hawakumshona tena. Kidonda cha namna ile huachwa wazi kijijaze chenyewe kutoka chini, maana ukikifunga juu unaufungia usaha ndani.

Jioni Shangazi alikuja na Masoud na kopo la uji. Khamisa alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akamwomba abaki wakati wa kubadilisha kitambaa, kwa kuwa nyumbani yeye ndiye atakayekibadilisha. Shangazi akageuza uso ukutani kwa mazoea.

"Tazama," Shemsa alisema.

Masoud alianza kusema kitu, Shemsa akamkatiza kwa jicho. Shangazi akageuka. Akatazama kile alichokuwa akikipapasa siku zote zile, shimo jekundu linaloingia kidole, na manjano yake bado yamekaa kwenye mikunjo ya ngozi. Akatafuta kiti bila kukiona. Shemsa alitaka kumwonea huruma, mwanamke mzee yule, ikakataa. Akafumba macho akasubiri vidonge vyake, na safari hii vilikuja kwa saa zake.

Aliporudi Malindi, vidonge vilikaa chini ya mto wake mwenyewe. Asubuhi na jioni alitembea ukumbini, amejishika tumbo, kwenda na kurudi, kila siku akiongeza kidogo. Wageni waliouliza mzazi anatafuta nini nje ya kitanda aliwajibu yale maneno mawili, sikuzaa, nilipasuliwa, mpaka mtaa mzima ukayajua kwa moyo. Mkaja ulifuliwa ukarudi sandukuni. Kidonda kilianza kuota nyama nyekundu, safi, kutoka chini.

Kubadilisha kitambaa ilikuwa kazi ya Shangazi. Alichemsha maji na chumvi akayaacha yapoe, akapanga vitambaa juu ya sinia, akasimama mlangoni kama mgeni. Zamani hakuwahi kuomba ruhusa ya kumgusa mtu.

"Nikufungue, mwanangu?"

Shemsa aliitazama mikono ile. Ilikuwa bado na maji, inanukia sabuni.

"Kanawe kwanza."

"Nshanawa."

"Sikukuona."

Shangazi alisimama kidogo, sinia mkononi. Nusu ya Malindi ilikuwa imezaliwa katika mikono ile, na hapana hata mmoja aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Kisha akaiweka sinia mezani, akavuta beseni mpaka karibu na kitanda, pale Shemsa alipoweza kuona vizuri, akaanza kunawa upya.