Swali la Mwezi wa Nane

Kila tarehe mosi simu yangu hulia, na swali linafika kutoka kituo kinachosaidia walimu kubadili kazi. Maswali ni matatu, yanazunguka: mwezi mmoja ujuzi, unaofuata watu, wa tatu hatua, kisha yanaanza upya. Ubaya wake, chini ya swali kituo hukuwekea majibu yako ya zamani.

Mimi Athanasie, mwalimu wa darasa la tatu hapa Mushaki, nataka kutengeneza fromaji, yaani jibini. Hata darasani, watoto wakisoma kwa sauti, nayaona maziwa yakiganda polepole kama ukungu unaotua bondeni, na chaki naisahau mkononi.

Mwezi wa nane lilirudi swali la watu: *Umeongea na nani wa kazi mpya, na ulimwuliza nini?*

Februari nilikuwa nimejibu: "Papa Nzabandora, fundi wa fromaji. Sikumwuliza." Mei: "Papa Nzabandora. Sikumwuliza."

Nilijikasirikia kweli. Kila Jumamosi nampelekea maziwa ya ng'ombe wa baba, nasimama mlangoni kwake saa nzima nikitazama, huku nikijiambia kwamba mtoto mwenye adabu hungoja kuitwa. Adabu gani? Ilikuwa woga. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Jumamosi iliyofuata niliweka bidoni la maziwa chini.

"Papa, naomba unifundishe hii kazi."

Akanitazama sana. "Ni sasa njo unauliza? Miezi yote ile nilizani unakuja tu juu ya maziwa. Nafasi iko moja, na juzi nimeisha kuipatia Valens. Yeye aliuliza siku ya kwanza."

Valens, jirani yetu, alikuwa kando ya sufuria kubwa, kisu mkononi. Nilitaka kutoka nikalie, lakini miguu haikuondoka. Mvuke wa maziwa ulikuwa umenishika kama usingizi.

"Valens, tunaweza kukata?" Papa akauliza.

"Ndiyo, Papa. Imeshikamana."

"Bado," nikasema. Neno lilinitoka lenyewe.

Papa akanyoosha kidole. "Onyesha."

Nikachukua kisu, nikakichoma kwenye maziwa yaliyoganda, nikakiinua taratibu. Ufa ulikuja wa ovyo, na maji yake yakatoka meupe.

"Ingekuwa tayari, ufa ungekuwa safi na maji yangekuwa maangavu. Tukikata sasa, mafuta yatapotea pamoja na maji."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe, Papa. Hapo mulangoni."

Alicheka hadi akashika kiuno. "Valens, wewe utabakia na moto na kukamua maji ya fromaji. Kisu, Athanasie atakamata."

Oktoba mosi swali la ujuzi lilinikuta mikono ikinuka maziwa: *Unajua kufanya nini?* Chini yake, jibu la Januari: "Sina ujuzi." La Aprili: "Sina ujuzi." La Julai: "Sina ujuzi."

Kufikia Januari nilikuwa nimesimama Jumamosi ngapi mlangoni pale, nikijifunza kwa macho? Nyingi. Mara zote tatu nilikuwa nimeongopa.