Kifungo cha Koti la Traugott

Kabla hakujapambazuka nilisikia kinu cha kahawa kikisaga jikoni, krr, kikanyamaza, kisha krr tena. Mjukuu wangu Thekla alikuwa amekizungushia aproni yake na kukibana magotini ili nisiamke. Nililala kimya kwa muda ili aamini kwamba amefaulu.

Siku hiyo tulikuwa tunapeleka picha kwa dada yangu Konkordia, aliyekaa mjini Pirna, orofa ya juu ya nyumba ya mwokaji mikate. Miguu yake ilikuwa imemkataa, na kwa miaka mitatu hakuwa ameshuka ngazi zile. Wakati wa Pasaka alikuwa amemwambia Thekla, "Wewe unasomea uchoraji Dresden. Nataka kuliona Jabali la Kunguru mara moja tena kabla sijafumba macho. Mimi siwezi kulifuata, basi wewe niletee."

Thekla alifanya kazi kiangazi chote. Picha ilikuwa nzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni mjukuu wangu. Upande wa kushoto mti wa mwaloni, upande wa kulia miti miwili ya beri, kama mapazia yaliyofunguliwa. Katikati mto Elbe ulipinda taratibu kutoka karibu hadi mbali, jicho likapata njia ya kutembea. Jua la jioni lilimwaga rangi ya asali juu ya paa la kinu cha unga, juu ya ng'ombe, hata juu ya kuku wa jirani yetu, Bi Nitzsche. Nyuma kabisa, jabali lenyewe, laini na samawati, ukubwa wa kidole gumba.

Tuliteremka mto kwa mashua, tukapanda ngazi za mwokaji, tukaiegemeza picha kitini mbele ya dada yangu.

"Lo," akasema Konkordia. "Hata kuku wa Nitzsche. Yule jogoo mkorofi ndiye huyu?"

"Ndiye, Bibi," akasema Thekla.

"Alinidonoa nilipowatembelea mara ya mwisho. Umempendelea sana, hakuwa mnene hivi." Akacheka, akambusu Thekla kwenye paji la uso, akasema picha itundikwe pale penye meza ya chakula, na je, kahawa iko wapi.

Tulikula keki ya mbegu za mpopi. Konkordia akatusimulia tena siku aliyopanda jabalini na Traugott, kabla hawajaoana. "Nilifika ukingoni nikachungulia, nikamshika koti. Nilivuta hadi kifungo kikang'oka. Nikabaki nacho mkononi, nalia na kucheka. Traugott akaniuliza kuna nini. Ningemwambia nini? Nilijiona mdogo kama sisimizi, na papo hapo moyo ukawa mpana kama kanisa." Akafungua kisanduku cha sindano, akatuonyesha kile kifungo cha pembe. Kisha akageukia dirisha, akatazama ukungu wa mtoni, akasahau kwamba tupo.

Tuliporudi, mashua ilipogusa gati, Thekla akanishika mkono.

"Bibi, mbele ya picha yangu hakushika chochote."

"Alishika keki," nikasema.

"Hakutaka kuniumiza, ndiyo maana alisifu. Nilimchorea bonde, kila kitu mahali pake, kila kitu anachokijua. Ni pazuri. Mtu anapatazama, anapumua, anaomba kahawa. Yeye aliomba kitu kingine." Akanieleza kwamba mwalimu wake Dresden hukiita adhama: ukuu ambao jicho haliwezi kuumaliza, unaotia hofu kidogo na kuinua moyo papo hapo. "Nilimsikia akisema nikaandika daftarini. Kumbe sikuelewa neno."

Wiki ile akachora upya kwa mkaa. Alhamisi akaniletea karatasi: radi, mti uliopasuka, maji yakifoka, na mtu akining'inia kwenye mzizi juu ya shimo.

Nikavaa miwani. "Huyu maskini ni nani?"

"Si mtu yeyote, Bibi. Ni hofu."

"Mimi ningekimbia kumwita Nitzsche alete kamba. Mtu anayeanguka haoni milima, mwanangu. Anaona kuanguka tu. Konkordia alikuwa amesimama mahali imara, na alikuwa na koti la kushika."

Thekla akaitupa karatasi motoni jikoni. "Bibi, magoti yako yakoje?"

"Yana miaka sitini na minane. Kwa nini?"

Ndivyo nilivyojikuta, katikati ya Oktoba, napanda Jabali la Kunguru kabla ya jua, mjukuu wangu akinisukuma mgongoni kama gari la nyasi. Nimeishi chini ya jabali hilo maisha yangu yote, na sikuwa nimepanda tangu nilipokuwa msichana. Nani ana nafasi? Kuna kufua, kuna viazi. Kila penye jiwe linaloteleza alikuwa ametangulia kuweka matawi ya msonobari. Alikuwa ameyaweka jana yake, peke yake, na hakuniambia.

Juu, akanizungushia shali kiunoni na kuifunga kwenye msonobari.

"Kama mbuzi," nikasema.

"Mbuzi anaruhusiwa kutazama," akasema. "Sogea hadi shali ikaze."

Nikasogea. Mwamba ulikuwa mgumu na mweusi chini ya viatu vyangu, kisha mwamba ukaisha. Baada yake hapakuwa na kitu. Kijiji hakipo, mto haupo, kinu hakipo. Ukungu umejaa kila mahali, mweupe, unasogea bila sauti. Mbali humo vilichomoza vichwa vya miamba, na nyuma yao vingine, na nyuma yao kitu ambacho sikujua kama ni mlima au wingu. Sikuweza kujua kipi kina ukubwa gani. Macho yangu yalijaribu kupima yakashindwa, yakajaribu tena yakashindwa. Nikavuta shali, ikanishika.

Kisha, sijui nieleze vipi, nikaanza kucheka. Macho yameshindwa, lakini mimi sijashindwa. Niliweza kuwaza kwamba mbele yangu hakuna mwisho, mimi mwanamke mzee wa viazi, na wazo hilo likanienea ndani. Sikujua kwamba nina chumba kikubwa hivyo.

Nyuma yangu nilisikia penseli ikikwaruza.

"Usigeuke, Bibi."

"Utanichora mgongo? Sura yangu imekukosea nini?"

"Ukigeuka, Bibi Konkordia atakuangalia wewe, ataanza kuuliza habari za meno yako. Ukimpa mgongo, ataangalia unachokiangalia."

Alifanya kazi majira yote ya baridi katika chumba cha nyuma. Mimi nilipeleka kuni, nikapata kuona. Kwanza alichora miti miwili pembeni, kwa mazoea. Jioni akaikwangua kwa kisu. "Inamwambia mtu kwamba picha inaishia hapa," akasema. Akaufuta mto, kwa sababu mto ni njia, na njia humwambia jicho kwamba linaweza kufika. Mbele aliweka mwamba mweusi, wenye kila ufa na kila nyasi, imara hata ungetaka kuukalia. Baada ya mwamba akaruka moja kwa moja hadi vilele vya mbali. Pale katikati, mahali ambapo katika ile picha ya kwanza palikuwa na ng'ombe, akaacha ukungu tu. Ukungu wenyewe ulimtesa kuliko vyote. Aliupaka rangi nyembamba mno, akasubiri siku kadhaa ikauke, akapaka nyingine juu yake, kijivu, kisha zambarau hafifu, kisha manjano isiyoonekana mpaka ikikosekana.

"Na kuku wa Nitzsche?" nikauliza.

"Wapo, chini ya ukungu. Wamelala."

Mimi pale ukingoni nilikuwa mkubwa mwanzoni, mkubwa kama chungu. Akanifuta, akanichora nusu. Akanifuta tena. Nikabaki mdogo kama kucha, mgongo, skafu, na shali iliyokaza. Na ajabu, kila nilivyopungua, milima iliongezeka, ingawa hakuigusa kwa brashi.

Tuliipeleka mwisho wa Februari, barafu ya mto ilipopasuka na mashua kuanza tena. Thekla alikuwa hajala asubuhi. Mwokaji mikate, aliyetupokea mlangoni, aliona uso wake, akampa mkate wa moto bila kuuliza, akaibeba picha yeye mwenyewe hadi juu.

Tukaifunua karibu na dirisha. Mimi nikakaa kitini kando ya dada yangu, maana nilitaka kuona uso wake, si picha.

Konkordia alifungua mdomo aseme neno la mzaha. Nilimfahamu, nililiona likija. Halikutoka. Macho yake yalikanyaga ule mwamba mweusi, yakafika ukingoni nilipochorwa, yakavuka, yakakosa mahali pa kutua. Akarudi nyuma kitini. Mkono wake ukapapasa pembeni, ukaupata mkono wa gauni langu, ukaukamata.

Thekla alikuwa amesimama na mkate haujaumwa.

Dada yangu alivuta pumzi ndefu sana. Machozi yakamshuka, na katikati ya machozi bega lake likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Angalia vifungo vyako, Rosine," akaniambia. "Ninavuta."

"Vuta," nikasema. "Nimevishona mara mbili kwa ajili yako."

Tulikaa hivyo, yeye ananishika. Baadaye akauliza yule mdogo pale ukingoni ni nani.

"Ni mimi," nikasema.

"Uongo. Ni mimi." Hatukubishana zaidi.

Mjukuu wangu alipata hamu ya kula ghafla, akamaliza mkate wote, akaomba mwingine. Kahawa ikaja. Thekla akaitazama ile picha ya kwanza ukutani penye meza, akasema kwa aibu kwamba anaweza kuichukua akaichome.

"Ujaribu uone," akasema Konkordia. "Ile ni ya kunywea kahawa. Nikiamka vibaya namtazama jogoo, nafsi inatulia. Hii siwezi kuinywea kahawa, kikombe kitaniponyoka. Hii itundike mbele ya kiti changu, na uiwekee kitambaa, niifunue ninapotaka kutoka."

"Kutoka wapi, Bibi?"

"Nje, mtoto. Unafikiri nimekaa tu humu?"

Mwokaji akaja na nyundo, msumari na kitambaa. Tukamsikia dada yangu akimwelekeza juu zaidi, chini kidogo, hapo, huku ameshika kile kifungo cha pembe. Tulipofika mlangoni na skafu zetu, akatuita bila kugeuka, maana alikuwa amekwisha kukiinua kitambaa.

"Jumapili mje tena. Wewe Rosine uje na gauni lilelile. Na wewe, binti, usilete picha. Njoo tu, mje mkae na mimi hapa ukingoni."