Pini Iliyogeuzwa

Mtu akikuambia mgonjwa ni mkaidi, muulize kwanza kama amewahi kumuuguza fundi saa. Mume wa Bi Haraka alikuwa ametengeneza saa za watu tangu ujanani, na alipoanza kuumwa hakutaka kusikia habari ya mizani. Mizani yake ilikuwa saa yake mwenyewe, ile ya mkanda wa chuma. Kila asubuhi aliivaa, akanyoosha mkono juu, akaitazama inavyoteremka.

"Siku saa hii ikiteremka hadi nusu ya mkono," alisema mbele ya mkewe na binti yao, "hospitali mtakwenda wenyewe. Mimi nitabaki kitandani mwangu kwa heshima zangu."

Na alivyo yule, akisema amesema. Basi mkewe afanye nini? Mgonjwa hali, dawa zinamkausha, mkono unazidi kuwa mwembamba kama mpini wa mwiko. Alichofanya ni kupunguza mkanda kwa siri, pingili moja moja, ili saa isiteremke.

Jina la Bi Haraka alipewa na mume huyo huyo, na hakumwonea. Lakini miaka yote aliyompelekea chai kibandani mwake mwa kazi hakuwa kipofu. Alijua kwamba nyuma ya pingili zinazotoka kuna mshale mdogo, na kwamba pini husukumwa nje kuufuata mshale. Alijua ukitoa pingili upande huu, inayofuata utoe upande wa pili, kifungo kisije kikakaa ubavuni mwa mkono. Pingili ya kwanza aliitoa salama salimini. Ya pili ndiyo iliyomnyima usingizi.

Siku ile mumewe alikuwa bafuni, akakohoa kama mtu anayetoka. Bi Haraka akaishika pini, akairudisha kwa kuufuata mshale vilevile alivyoitoa. Baadaye, akiosha vyombo, ndipo alipokumbuka. Mama yangu! Pini hutoka kwa kufuata mshale, lakini hurudi kwa kuukabili. Ina ncha nzima na ncha iliyopasuliwa. Nzima ndiyo hutangulia kuingia, kutokea upande wa kichwa cha mshale, na ile iliyopasuliwa huja mwisho, ikabana. Ukiiingiza kinyume huenda isibane sawasawa. Itajitembeza kidogo kidogo, mpaka siku moja mkanda uachie na saa ianguke chini.

Ikianguka, ataiokota. Akiiokota, ataigeuza. Na akiigeuza, fundi mzima yule, ataona pingili zimepungua. Hapo hospitali kwaheri.

Angeirekebisha kesho yake, lakini tangu siku ile mumewe akaanza kuingia na saa bafuni. Bi Haraka akawa hali wala hanywi. Kijiko kikianguka jikoni, moyo nao chini. Usiku anapapasa mkono wa mumewe kwa kisingizio cha kumfunika shuka.

Leo ni siku ya dawa hospitalini. Binti yao yuko njiani na gari. Maji yanamwagika bafuni anakooga mumewe, na saa yake, kwa mara ya kwanza baada ya muda, imelala mezani karibu na dirisha. Pembeni yake kuna nyundo ndogo, sindano ya kusukumia pini, na kile kijichuma chenye ncha kama uma. Bi Haraka hakujiuliza vimefikaje. Mwenye njaa haulizi nani kapika.

Kazi zilikuwa mbili: kugeuza ile pini, na kubana mkanda kidogo, maana juzi aliiona saa ikianza tena kuteremka. Pingili nzima ingekuwa nyingi, ingemkaba. Ndani ya kifungo kuna vitundu vimepangana, na kijiti chenye springi kinachoshika mwisho wa mkanda. Ukikihamisha kutoka tundu la nje hadi la ndani, mkanda unapungua kidogo tu. Hiyo rahisi, akajisemea, nianze nayo.

Akaingiza uma, akaiminya ncha moja ya kijiti. Ikatoka. Na kijiti, tii! Kikaruka.

"Ee Mungu wangu, usinifanyie hivi."

Akapiga magoti. Chini ya meza, hamna. Chini ya kiti, vumbi na kifungo cha shati. Akapapasa mkeka, akautikisa, akaurudisha. Mkanda ulining'inia mezani, umeachana na kifungo chake, na bila kijiti kile hakuna cha kuufunga. Bafuni maji yakakata.

Angalau aigeuze pini, akawaza, hata kama mengine yameharibika. Akauweka mkanda dirishani penye mwanga, akatafuta pingili aliyoikosea, akatazama pembeni mwake.

Akatazama tena.

Ncha iliyopasuliwa ilikuwa upande wa kichwa cha mshale, inapotakiwa iwe. Pini ilikuwa imekaa sawa, imezama vizuri, bila mkwaruzo hata mmoja. Yeye hajaigusa. Binti yao hajui hata mshale ni nini. Katika nyumba hii kuna mikono ya mtu mmoja tu inayoweza kupiga pini bila kukwaruza chuma.

"Kiko kwenye mkunjo wa gauni lako," sauti ikasema nyuma yake. "Springi haziendi mbali. Huenda kwa mwenye haraka."

Mumewe alisimama mlangoni na taulo mabegani, mifupa ya kifua ikihesabika. Bi Haraka akashuka macho, na kweli, kijiti kile kilikuwa kimelala gaunini mwake.

"Mimi mikono inatetemeka leo," mumewe akasema, akikaa kitini taratibu. "Fanya wewe. Ncha moja kwanza, iingie tunduni. Haya. Sasa iminye ya pili, isukume mpaka uisikie."

Ikalia, tik.

"Usiiamini. Vuta mkanda. Ncha moja ikibaki nje utadhani imefunga, kumbe inakudanganya."

Akavuta. Ikashika. Hapo tu ndipo machozi yakamtoka.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu pingili ya kwanza. Saa umeidanganya, lakini mkono si ni wangu? Hiyo ya pili nilikuta pini kinyume, nikaigeuza ulipokwenda sokoni. Nikaanza kuingia nayo bafuni, nione kama utaniambia. Hukuniambia. Juzi nikaisikia inalegea tena, nikaona leo nikuwekee vifaa mezani kabla hujaniharibia mkanda kwa uma wa jikoni."

"Lakini ulisema ikiteremka hutakwenda tena hospitali."

Mumewe akanyoosha mkono. Bi Haraka akamvalisha saa, akafunga kifungo. Mumewe akauinua mkono juu kama kila asubuhi, na wote wawili wakaitazama. Saa haikusogea.

"Mimi naona haijateremka," akasema. "Wewe unaonaje?"

"Haijateremka," mkewe akajibu.

"Naogopa, Bi Haraka. Ningekuwa peke yangu ningeshalala zamani. Lakini mtu anayetaka niende mpaka anajifunza kazi yangu vibaya vile, nitamkatalia vipi?"

Nje gari likapiga honi. Akamwomba shati, akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili, naye mkewe akamfunga vifungo.

"Zile pingili ulizotoa, ziko wapi?"

"Mkobani mwangu. Na pini zake."

"Usizitupe," mumewe akasema, akimshika mkewe bega ili ainuke kitini. "Nikirudi kunenepa, nitazirudisha mwenyewe. Wewe hapana."