Sakafu ya Wazazi, Chawia

Zege la mfuko wa kwanza lilipotandazwa na kushindiliwa, fundi Jaffar alishika futi yake akapima. Alitarajia kufunika inchi ishirini na moja za urefu wa chumba. Lilikuwa limefika kumi na nne.

Akapima tena. Kumi na nne.

Nje, watu wa Chawia walikuwa wakiimba wakipokezana karai. Kwa wiki nzima walipandisha mchanga na kuponda mawe, maana chumba hiki kilikuwa cha kujifungulia, na sakafu ya udongo ilikuwa imejaa funza.

Jaffar alichuchumaa, akaandika kwa kijiti mchangani. Chumba kilikuwa futi ishirini na nane kwa kumi na tano, unene inchi nne: futi za ujazo mia na arobaini. Pale stesheni ya Voi, alipokwenda kuagiza saruji, alikuwa amezigawa hizo kwa saba, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Akapata saruji futi ishirini. Mfuko mmoja ni futi moja na robo, basi akaagiza mifuko kumi na sita.

Lakini mchanga huingia katikati ya kokoto, na saruji katikati ya mchanga. Vikichanganywa na maji, hupungua. Alipaswa kuongeza nusu kabla ya kugawa: mia mbili na kumi. Saruji thelathini, mchanga sitini, kokoto mia na ishirini. Mifuko ishirini na nne. Jambo analolijua kama jina lake, na haraka ya kuwahi gari moshi ilimsahaulisha.

Alimwita Mzee Zephaniah, mkuu wa kazi, akamweleza.

"Mchanga na mawe tutaleta," mzee alisema. "Hiyo simiti?"

"Itoke Mombasa, mzee. Kisha ipandishwe kilimani."

"Na mvua hii inayokuja? Binti yangu Mable anajifungua mwezi huu." Mzee akapunguza sauti. "Ongeza mchanga, fundi. Itoshe."

"Itatosha leo. Mwakani itamung'unyuka, na funza watarudi kwenye nyufa."

"Kosa ni lako, tunaoumia ni sisi."

Jaffar aliichukua futi yake. Alipima futi kumi na nane na inchi nane, mwisho wa mifuko kumi na sita, akasimamisha ubao kukata chumba hapo, na wakamwaga mpaka mfuko wa mwisho kwa kipimo kilekile. Nyimbo zilikuwa zimekwisha. Watu waliondoka bila kumuaga.

Mvua ikakata njia ya kwenda Voi. Mable alijifungulia upande wenye sakafu, mtoto wa kike, salama. Lakini wanawake wawili waliomfuata walikosa nafasi, wakalazwa kwenye udongo. Mmoja alirudi kwao anachechemea, vidole vimevimba kwa funza.

Njia ilipofunguka na mifuko minane aliyoiagiza kufika, Jaffar alipanda nayo mwenyewe. Alikwaruza ukingo wa zege la zamani, akaulowesha, akamalizia chumba. Mzee Zephaniah alisimama mlangoni, akitazama mstari wa kiungo, pale zege la zamani lilipokutana na jipya.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha, mzee."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.