Makabidhiano ya Nguzo ya Tatu

Mhandisi mkazi alikuwa amebakiza asubuhi moja tu kwenye daraja lile, na taarifa ya makabidhiano ilikuwa imefika ukurasa wa nne bila kumtoa jasho. Sehemu ya kwanza, mambo ambayo hayajafungwa, aliiandika kama mtu anayekunywa maji. Ufa kwenye ukuta wa kalvati ya pili: upimwe kila Jumatatu, haujaongezeka tangu mwezi wa tano. Vyeti vya majaribio ya mipira itakayobeba daraja: havijaletwa, na mipira isifungwe mpaka vije. Mama mwenye shamba kando ya njia ya mchepuko: asalimiwe kwanza ndipo aombwe chochote, maana ukianza na ombi umeshajiharibia siku.

Sehemu ya pili ilikuwa madai ya mkandarasi, na dai moja tu ndilo lililomkwamisha. Mkandarasi aliomba aongezewe wiki saba kwa kuchelewa kwa msingi wa nguzo ya tatu. Mkataba ulisema anayetaka kuongezewa muda atoe notisi ya maandishi ndani ya siku ishirini na nane. Zikipita, imekula kwake. Kwenye daftari la barua zilizopokelewa notisi hiyo haikuwepo. Makao makuu walikuwa wanajiandaa kulikataa dai, na kampuni ya mkandarasi ilishapata wa kumtwisha lawama: meneja wake wa saiti, bwana mmoja mrefu mwembamba ambaye kambi nzima ilimwita Nondo. Ijumaa angesimama mbele ya wakubwa zake aeleze kwa nini hakuandika barua, na kila mtu alijua angetoka pale hana kazi.

Na Nondo aliandika. Barua yake ilikuwa imelala miezi saba kwenye droo ya mhandisi mkazi, haina muhuri wala namba.

Sisemi mhandisi alikuwa mtu mbaya. Mwezi wa tatu simu ya dada yake ilimkuta saiti: mama amezidiwa, njoo. Kanuni ilitaka asiondoke mpaka aje wa kumshikia nafasi, na kumpata huyo kungechukua wiki nzima. Akawasha gari. Njiani akampigia Nondo: "Usimwage zege nguzo ya tatu mpaka nirudi. Kesho kutwa nipo." Msingi haumwagiwi zege kabla mhandisi mkazi hajaukagua na kusaini, kwa hiyo Nondo alingoja. Kesho kutwa ikawa siku tisa. Siku ya saba mama alifariki. Siku ya nane wakamzika, na siku hiyohiyo mto ukajaa, ukazamisha shimo la msingi na kubomoa kingo zake. Kulichimba upya na kulikausha kulikula wiki saba.

Aliporudi hakumwambia mtu. Kusema amefiwa kungemlazimu kusema alikuwa wapi, tarehe ngapi, kwa ruhusa ya nani. Basi akanyoa ndevu, akavaa kofia ngumu, akashuka shimoni kupima tope. Alilia bafuni, bomba limefunguliwa, kisha akatoka kwenda kikaoni. Akaanza kula chumbani peke yake. Watu walimwona amekuwa mkali wakasema anaringa, na yeye akawaacha waseme, kwa sababu anayeringa haulizwi maswali.

Siku ya kumi na tisa tangu ile simu, Nondo alikuja na barua mkononi. "Injinia, sitaki kukuchongea. Lakini hii lazima niilete."

"Niachie. Jambo hili nitaliweka sawa mwenyewe, usiipeleke kusajiliwa kwanza."

Nondo akamwamini, ndilo kosa pekee alilofanya.

Sasa mhandisi alilikwepa dai, akarukia sehemu ya tatu, mahusiano ya saiti. Akaandika kwamba fundi wa maabara ana hasira za karibu lakini vipimo vyake havina ubabaishaji. Halafu akaandika: *Meneja wa mkandarasi ni mtu wa kuaminika.* Akaisoma sentensi hiyo, uso ukamwaka kwa aibu ingawa chumbani hakukuwa na mtu.

Akafungua droo, akatoa barua. Muhuri wa kupokelea ulikuwa mezani, ule ambao tarehe yake huzungushwa kwa kidole. Akauzungusha nyuma, mwezi hadi mwezi, mpaka ukafika siku ile aliyoletewa barua. Kugonga mara moja tu kungemwokoa Nondo, na yeye mwenyewe asingeguswa. Akaushika hivyo kwa muda mrefu. Kisha akaurudisha mpaka tarehe ya leo, akagonga, akarudi kwenye dai na kuandika:

*Notisi hii nililetewa mkononi siku ya kumi na tisa, ndani ya muda. Sikuigonga muhuri wala kuisajili. Kosa ni langu. Zege lilisimamishwa kwa agizo langu la simu ambalo sikulithibitisha kwa maandishi. Kwa siku tisa sikuwepo saiti, wala sikuwa na ruhusa. Nilikwenda kumuuguza mama yangu, nikamzika.*

Mrithi wake alifika saa nne, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, viatu vyake vya saiti bado vipya. "Shikamoo, mzee." Akakaa, akasoma kurasa zote bila haraka. Kwenye dai la nguzo ya tatu akainua macho.

"Mzee, ukiiacha hivi makao makuu hawatakuacha."

"Najua."

"Sijasaini bado. Ukitaka kuipunguza makali, mimi sijaona kitu."

"Saini, mwanangu."

Akasaini. "Lakini siahidi kwamba dai litapita. Wiki saba nitazipima mwenyewe."

"Hiyo ndiyo kazi yako. Mimi nimesema tu kwamba barua ilifika."

Tangu saini ile mhandisi alikuwa mgeni pale. Akachukua nakala ya ukurasa ule na ya barua yenye muhuri, mrithi wake akiridhia, akavuka uwanja wa kokoto hadi kwenye kontena lililokuwa ofisi ya Nondo. Nje gari la kumchukua lilikuwa limeshawashwa.

Nondo alisoma akiwa amesimama. "Umeandika."

"Nimeandika. Nisamehe, ndugu yangu. Nimechelewa."

"Umechelewa sana." Hakumkaribisha kiti. "Miezi saba kila nikikuona roho inachafuka, nisikufiche. Mke wangu ameshaanza kufunga mizigo."

"Una haki."

Nondo akarudisha macho kwenye karatasi, akasoma tena mstari wa mwisho, polepole safari hii. "Ulimzika mama?"

"Siku ya nane. Ile siku mto ulipojaa."

"Nilikuwa nakupigia kila jioni. Nakuuliza unarudi lini, unanijibu kesho."

"Ndiyo."

"Ungesema mama amefariki. Maneno mawili tu, bwana. Ningekungoja mwezi mzima, na barua ningejua namna ya kuiandika." Sauti ilikuwa ya hasira bado, lakini hasira yenyewe ilikuwa imegeukia upande mwingine. "Hapa saiti nani anajua?"

"Wewe. Na yule binti aliyesaini sasa hivi."

Nondo akaiweka karatasi mezani. "Pole," akasema. "Pole sana."

Mhandisi alitaka kujibu kama watu wanavyojibu, lakini pole ile hakuwahi kupewa na mtu yeyote pale. Mabega yakaanza kutikisika. Akatafuta pa kushika, akashika ukingo wa meza ya mkandarasi.

Honi ikalia nje. Nondo akavuta kiti, akamkalisha, kisha akatoa kichwa mlangoni.

"Zima gari kwanza," alimwambia dereva. "Injinia amefiwa."