Msichana wa Sita Kwenye Tangazo

Kitendawili! Nina watoto sita wanacheka mchana kutwa, njaa haiwaumi, baridi haiwashiki, na hakuna mama aliyewazaa. Umeshindwa? Basi nipe mji. Chitete? Barabara ile itanivunja kiuno, nipe Vwawa. Haya, nimekwenda Vwawa, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Ni picha ya tangazo. Na hii ninayokusimulia ilibandikwa mlangoni pa darasa la tatu, katika shule moja hapo Tunduma.

Aliyeitengeneza ni Mwalimu Fausta. Mwalimu mkuu alimwachia tangazo la siku ya wazazi kutembelea shule, naye akaamua kutumia ile programu ya akili mnemba kwenye simu: unaiandikia unachotaka, yenyewe inachora. Mara ya kwanza aliandika tu "wanafunzi wanaotabasamu darasani". Ikamletea watoto wa Kizungu, kila mmoja na meza yake! Fausta akacheka peke yake. Kumbe usipoiambia, inajijazia.

Kesho yake akaketi na watoto sita wa kikundi cha mbele, daftari mkononi. "Haya, kila mtu aniambie nimwandike vipi."

"Pengo langu lisisahauliwe," akasema Goodness.

"Pengo gani? Hilo ni geti la forodha, malori yanapita!" Moses akamtania, na darasa zima likaangua kicheko.

Wa mwisho alikuwa Gwantwa, anayetembelea magongo. Mwaka uliopita, siku ya wazazi, alijificha stoo hadi wageni wakaondoka, maana hakutaka watu wamwone akitembea. Sasa akasema taratibu, "Mimi niandike na magongo yangu. Baba ameyafunga utepe mwekundu."

"Nitakuandika hivyohivyo. Na wageni utawapokea mlangoni?"

"Kama nipo kwenye picha, nitawapokea."

Mchana Fausta akaenda kwa Osea, mwenye steshenari ya kuchapisha karibu na shule. Akaandika kwa utulivu: mchoro wa tangazo, wa karatasi ya wima, wanafunzi sita wa Kitanzania wanatabasamu, mashati meupe, sweta za bluu, darasa lenye mwanga, madawati ya kukaa watatu, ramani na chati ya namba ukutani. Kisha wale sita, mmoja mmoja, pengo kwa pengo, utepe kwa utepe. Mwisho: sehemu ya juu iachwe wazi, bila maandishi. Hilo alifundishwa na Osea, kwamba mashine ikiachiwa iandike Kiswahili huwa inavuruga herufi. Kichwa cha tangazo angekiweka yeye mwenyewe kwenye kompyuta.

Picha ikaja. Ilipendeza, ila gongo moja lilikuwa limeota kwenye dawati na jingine limegandana na mguu. Akarudia. Yakaja magongo matatu. Programu ikamwambia amebakiwa na picha moja, nyingine hadi kesho.

"Madamu, futa tu hayo magongo," Osea akasema. "Nafasi ya kichwa imekaa vizuri, rangi safi. Nani atajua?"

Siku ya wazazi ilikuwa bado siku nne. Angeweza kungoja kesho. Angeweza hata kumpa Gwantwa kalamu za rangi akayachora magongo yake mwenyewe. Lakini alikuwa amechoka, na picha ilikuwa karibu kabisa kukamilika. Akafuta sentensi moja.

Asubuhi watoto wakalizunguka tangazo. "Mimi huyu hapa, na pengo langu!" Goodness akaruka. Gwantwa akatazama kwa muda mrefu. Watano aliwajua. Wa sita alikuwa msichana amesimama wima, mikono mitupu, anacheka.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Ni wewe, umepona!" Moses akadakia.

Fausta akasema kengele imelia, waingie darasani. Kengele ilikuwa haijalia.

Siku ya wazazi ikafika. Fausta alipotoka kuwapokea wageni, akamkuta Gwantwa mlangoni, chini ya tangazo. Ahadi yake ameitimiza. Lakini magongo ameyalaza nyuma ya mlango, utepe umefunguliwa, naye ameshikilia fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, miguu inatetemeka, meno yote nje kama yule wa kwenye picha.

"Shikamoo, karibuni," alikuwa akiwaambia wazazi, jasho likimtiririka.

Fausta akayachukua magongo, akapiga magoti, akamwekea moja huku na jingine kule. Mtoto hakuyashika.

"Mwalimu, hujaniambia. Huyu ni nani?"

Wazazi walikuwa wamesimama wanasikiliza. Fausta akatamani kengele ilie kweli. Haikulia.

"Simjui, mwanangu," akasema. "Wewe nilikuandika. Halafu nikakufuta."